Ukili kwanza, mkeka baadaye

Ukipita Barabara ya Kilwa kutoka Bungu hadi Ikwiriri utaona mikeka imeviringishwa na kusimamishwa mbele ya nyumba, ikisubiri gari lisimame. Mingine husubiri wiki nyingi. Aliyeisuka ameshamaliza kazi yake yote: amenunua ukindu, amechemsha rangi, ameshona, na sasa nguvu zake zote zimekaa kwenye kitu kimoja kikubwa kinachohitaji mteja mmoja mwenye pesa nyingi. Siku akipata shida ya ada ya mtoto, mchuuzi anayefahamu hali hiyo huja akauchukua mkeka kwa bei anayoitaka yeye.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayejua kusuka, au uliye na mama au shangazi wa kukufundisha, na unayetaka kazi hiyo ikuingizie kitu kila mwezi pembeni ya shamba, uvuvi au genge. Shauri langu kuu ni moja. Usikimbilie kumaliza mikeka. Suka ukili, uuweke, kisha uushone kuwa kile kinachotakiwa na mtu aliyeko mbele yako. Bunda la ukili uliosukwa vizuri linaweza kuwa msala, kikapu, mkeka wa kitanda au mkeka wa harusi. Mkeka ukishashonwa ni mkeka tu.

Tuanzie kwenye ukindu, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika kabla hata haijaanza. Mkindu huota kwa vishada kando ya mito na kwenye mabonde yenye maji, na katika Rufiji na vijiji vya delta haupo mbali. Linalokatwa ni kuti changa la katikati ambalo bado halijafunguka, kwa sababu ndilo jeupe na laini. Kata kuti hilo peke yake, kwa kisu kikali, bila kugusa moyo ulio chini yake. Shina la mkindu lina ncha moja tu ya kukulia. Ukiikata, shina hilo limekufa. Kwenye kishada chenye mashina matano kata mawili, uache matatu, na safari ijayo nenda kishada kingine. Mahali ambapo wakataji hawazingatii hili, akina mama hutembea mbali zaidi kila mwaka, na mwisho wanaununua ukindu ambao zamani ulikuwa wa bure. Kabla ya kwenda, iulize serikali ya kijiji ni eneo gani limeruhusiwa, hasa ikiwa kijiji chako kina msitu wa hifadhi. Na usiende peke yako ukingoni mwa mto. Mamba wa Rufiji hawahitaji kuelezwa kwa mtu wa huku.

Kuti likifika nyumbani, chambua majani, yafunge vitita vyepesi na uyaanike juani mchana, uyaingize ndani jioni kabla ya umande. Siku tatu hadi tano za jua kali kwa kawaida zinatosha, lakini usihesabu siku, sikiliza jani. Likikunjwa likatoa mlio mkavu na ukijani umekwisha hata kwenye shina lake, limekauka. Anayeharakisha akasuka jani lenye maji hulipwa baadaye: jani husinyaa likiwa tayari ndani ya ukili, na ukili uliokuwa umebana unaachia nafasi. Mteja anauinua mkeka kwenye mwanga, anaona nyota, anaurudisha.

Baada ya kukauka, chana. Hapa usawa ndio kila kitu. Chane zikiwa na upana tofauti, ukili utapinda upande mmoja na mkeka hautatanda chini. Wasukaji wazuri wa huku huchana kwa ncha ya sindano au kijisu chembamba, kisha hupanga chane mafungu matatu: pana, za kati na nyembamba. Za kati zinafanya mikeka na misala. Nyembamba zinafaa vikapu vidogo na kawa. Pana na zilizo na madoa usizitupe, zinasukia majamvi ya kuanikia mpunga na ufuta, na jamvi lina wateja wake. Ukikosa ukindu kabisa, miyaa ya mkoche inafanya majamvi na vikapu imara sana, ingawa ni migumu zaidi mkononi na haipokei rangi kwa uzuri ule ule.

Rangi ya unga hununuliwa dukani kwa kijiko au kwa kipakiti. Tenga sufuria moja ya rangi na usiipikie chakula tena maisha yake yote. Rangi hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukishona kawa ya kufunikia chakula, weka ukili mweupe upande wa ndani. Maji yachemke kwanza, ndipo utie rangi na chumvi kidogo, koroga mpaka unga uyeyuke kabisa, kisha zamisha chane zilizolowekwa tayari kwenye maji ya kawaida. Chane kavu hunywa rangi kwa mabaka. Ziache zichemke taratibu huku ukizigeuza, kama nusu saa kwa rangi iliyokolea, zitoe, zisuuze mpaka maji yatoke meupe, na uzianike kivulini.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi wanaliruka. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, usugue chane moja kwa nguvu mara kumi. Kitambaa kikitoka na rangi, suuza tena chane zote, ukaushe, ujaribu upya. Ikiwa bado inatoka, rangi hiyo usiiweke kwenye msala. Mtu ametoka kutawadha, miguu yake ina maji, anasimama kwenye msala wako na kanzu nyeupe. Akitoka na doa la zambarau, kesho mtaa mzima unajua.

Kusuka kwenyewe sitakufundisha kwenye karatasi; hiyo inajifunzwa umekaa pembeni ya mtu. Nitasema mambo mawili tu. La kwanza, nyunyizia chane maji kidogo kabla ya kuanza na uzifunge ndani ya kitambaa kibichi, ziwe nyororo zisipasuke, lakini zisilowe. La pili, chagua upana mmoja wa ukili na uushike mwaka mzima. Mimi napendekeza upana wa vidole vitatu, yaani kama sentimita 5. Ukili wa leo na ukili wa miezi minne iliyopita lazima uweze kushonwa pamoja bila kuonyesha tofauti, vinginevyo akiba yako haina maana. Kata kijiti cha sentimita 5, ukiweke kwenye kikapu cha kazi, na kila baada ya pima moja pimia.

Pima nayo irekebishe. Pima ya mikono ya mtu mrefu si pima ya mtu mfupi, na biashara ikishakuwa na hesabu tofauti hiyo inakula faida. Weka alama mbili ukutani zenye mita 1 na sentimita 80 kati yake, na hiyo ndiyo iwe pima yako. Ukili ukifika pima 10, kata masalio ya chane yanayochomoza upande wa nyuma, ulainishe kwa kuuburuta kwenye nguzo au kuuponda kwa chupa, uuviringishe, na uufunge karatasi yenye rangi na idadi ya pima. Hifadhi mabunda yakining'inia, yasiguse ukuta wala sakafu. Masika ya huku yanaleta ukungu upesi. Vidoa vyeusi na harufu ya uvundo ndiyo dalili zake, na doa la ukungu likishaingia kwenye ukili mweupe halitoki; ukili huo uutie rangi nyeusi au ya kahawia iliyokolea baada ya kuukausha vizuri. Moshi wa jikoni huzuia wadudu lakini hugeuza weupe kuwa manjano, kwa hiyo dari ya jikoni iwe ya majamvi tu. Waliopitia mafuriko ya 2024 katika Kibiti na Rufiji wanajua pia kwa nini akiba haiwekwi chini: mabunda mepesi yanayoning'inia unayabeba na kuondoka nayo, mikeka 10 mikubwa huiwezi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo ukili unapoonyesha kazi yake. Tuchukue msala wa urefu wa sentimita 110 na upana wa sentimita 63. Ukili wa sentimita 5 ukishonwa kingo kwa kingo hupoteza karibu nusu sentimita kwenye mshono, kwa hiyo kila ukili unakupa sentimita 4 na nusu za upana. Sentimita 63 zinahitaji vipande 14. Kila kipande kikate sentimita 115, ili ncha zipate nafasi ya kukunjwa kwenye pindo. Jumla ni mita 16 na kidogo, ambazo ni pima 9. Mkeka wa kulalia wa sentimita 180 kwa 120, kwa hesabu hiyo hiyo, unakula vipande 27 vya sentimita 185, yaani mita 50, ambazo ni pima 28. Kikapu cha sokoni chenye upana wa sentimita 25 na kimo cha 30, pamoja na kitako na mikono, kinamaliza pima 4.

Tuseme wewe unasuka pima moja kwa saa. Mwingine ni mwepesi zaidi, mwingine mzito. Jipime kwa simu siku tatu tofauti uandike. Msala wa pima 9 basi ni saa 9 za kusuka, ongeza 2 za kuchana, moja ya rangi, 4 za kushona na moja ya kutia pindo. Ni saa 17. Tuseme ukindu umekugharimu shilingi 4,000, rangi 1,500, uzi na kitambaa cha pindo 1,500. Ukiuuza msala kwa 20,000 unabaki na 13,000, ambayo ni kama shilingi 760 kwa kila saa ya mikono yako. Kikapu cha pima 4 kikikuchukua saa 9 na gharama ya 4,000, ukakiuza 12,000, umebaki na 8,000, karibu shilingi 890 kwa saa. Mkeka mkubwa ukikula saa 50 na gharama ya 20,000, ukauzwa 50,000, saa yako imelipwa 600. Bei hizi nimeziweka kwa mfano, weka za sokoni kwako. Lakini mwelekeo huu utaukuta mara nyingi: jinsi kitu kinavyokuwa kikubwa ndivyo kila pima inavyolipwa kidogo, kwa sababu mnunuzi anaona jumla ya bei, haoni pima.

Hii haina maana uache mikeka mikubwa. Maana yake ni kwamba mkeka mkubwa uushone kwa oda tu, na muda wako wa kawaida uuelekeze kwenye misala na vikapu. Pia usiache kulima ili usuke. Shilingi 700 au 800 kwa saa ni pesa nzuri kwa saa ambazo zingepita bure, za jioni, za msibani, za kusubiri boti ya Nyamisati, na ukili ni kazi inayobebeka kwenye mkoba. Kwa saa ambazo ungekuwa shambani wakati wa palizi, hesabu inaweza kukugeukia. Kushona ndiko kunakotaka mtu atulie nyumbani, na ukiwa na akiba ya ukili, msala mzima unashonwa na kutiwa pindo kwa siku moja. Hapo ndipo oda ya haraka inapokuwa yako na si ya jirani anayeanza kutafuta ukindu.

Kwenye kushona, tumia shazia na uzi uliosokotwa wa ukindu ikiwa mteja anataka kazi ya asili, au uzi wa nailoni mwembamba kwa vikapu vitakavyobeba mzigo. Sindano ipite ndani ya mikunjo ya kingo mbili tu, isizame katikati ya ukili, ili uzi ufichike. Usivute kwa nguvu sehemu moja na kulegeza nyingine. Ukimaliza vipande vinne, vitandike chini: vikiinuka katikati umevuta mno, fumua sasa hivi, kwa sababu ukifika kipande cha 14 kazi haifumuliki bila kukata.

Wateja wako ni wa aina mbili na wana misimu tofauti. Majirani hununua pesa inapoingia kijijini na shughuli zinapokaribia. Huku Kibiti na Rufiji pesa ya ufuta huja katikati ya mwaka na ya korosho kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka, mnada unapofanyika na wakulima wakalipwa kupitia chama chao cha msingi. Harusi na ngoma hufuata hapo hapo. Mwezi wa Ramadhani nao huleta wateja wa misala na kawa, na kwa kuwa unatangulia siku kama 11 kila mwaka, usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana. Angalia kalenda, na miezi mitatu kabla uwe na ukili wa misala 10 unaning'inia. Miezi mikavu ya pesa ndiyo miezi yako ya kusuka.

Jirani hukopa, na kumnyima ni vigumu. Njia iliyo salama ni kumwomba malipo ya malighafi kabla ya kazi, si dhamana ya deni. Bibi mmoja akija kukuambia, "Mwanangu, nataka mkeka wa harusi ya mjukuu, nitakulipa korosho zikitoka," mjibu kwa heshima yake: "Sawa bibi, ukili ninao. Unisaidie ya rangi na uzi tu nianze, nyingine tutaimaliza siku unauchukua." Kiasi hicho hakimuumizi, na akishindwa kabisa, wewe hujapoteza pesa uliyoitoa mfukoni, na mkeka bado ni wako kuuza. Akitaka majina ya maharusi yasukwe ndani, hapo chukua nusu, kwa sababu mkeka huo hauna mnunuzi mwingine duniani. Andika kwenye daftari mbele yake: jina, kipimo, rangi, aliyotoa, iliyobaki, siku ya kuchukua. Wazee wengi hupenda kuona imeandikwa.

Mgeni ni habari nyingine. Abiria wa basi la Lindi au Mtwara aliyesimama stendi ya Kibiti ana dakika chache na hana nafasi ya mkeka wa mita mbili. Anayekwenda Mafia kupitia Nyamisati ana begi na anapanda boti. Mtalii anayelala kambi za Mloka akitembelea Hifadhi ya Nyerere atapanda ndege kurudi kwao na mizigo yake inapimwa kilo. Wote hawa wanataka kinachoingia kwenye begi: msala unaoviringika kuwa mwembamba, kikapu kinachokunjika, kawa ndogo. Kwao weka bei iliyoandikwa kwenye kikaratasi, isiyobadilika kwa sura ya mtu. Kwa bidhaa zitakazovuka mipaka, hakikisha hakuna udongo wala mdudu kwenye mikunjo, anika juani siku nzima kabla ya kuuza, maana nchi nyingi hukagua vitu vya majani forodhani. Weka kipande cha karatasi chenye jina la kijiji chako na namba ya simu ya malipo. Mgeni aliyerudi Dar es Salaam akapenda, ataagiza, atalipa kwa simu, nawe utatuma kwa basi. Usitume mpaka ujumbe wa malipo uingie kwenye simu yako mwenyewe na uangalie salio. Picha ya ujumbe kutoka kwa mnunuzi si malipo.

Amebaki mchuuzi, anayekuja na gari kukusanya mikeka kwa jumla. Kwa kuwa una ukili, mazungumzo naye yanabadilika. Muulize anataka vipimo gani, zidisha pima kwa bei yako ya chini kabisa, ile inayorudisha malighafi na kulipa saa zako walau kwa kiwango cha kibarua wa shamba kijijini kwenu, na umtajie hiyo. Akikataa, ukili wako unabaki juu ukining'inia na haujaharibika, unasubiri msala wa Ramadhani. Ukiona mmekuwa wasukaji watano au sita mnaouza kwake, kubalianeni upana mmoja wa ukili na bei moja ya pima, mshonee oda kubwa kwa pamoja, kila mmoja akilipwa kwa idadi ya pima alizoleta. Msimamizi wa daftari awe mmoja, na kila bunda lipimwe kwenye alama zile za ukutani mbele ya mwenyewe kabla halijachanganywa na mengine.